Saraka inapoikataa programu: jina, usimbaji au akaunti ya huduma?

*"Shikamoo mhandisi. Programu yetu ya maombi ya likizo imeandikwa kwa PHP, iko kwenye seva ya Linux, na inathibitisha watumiaji kupitia Active Directory. Tangu Jumatatu hakuna anayeingia. Logi ilisema `ldap_bind(): Unable to bind to server: Invalid credentials`. Nimebadilisha nywila ya akaunti ya huduma mara mbili bila mafanikio, kisha nikahamisha programu kutoka mlango 389 kwenda 636, na sasa inasema `Can't contact LDAP server`. Nitajuaje kama tatizo ni jina, ni usimbaji, au ni akaunti yenyewe?"*

Marahaba. Ninakuomba kwanza usiibadilishe nywila hiyo mara ya tatu, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Pili, zitenganishe hizo jumbe mbili ulizozipata, kwa kuwa haziwezi kutoka katika hatua moja. Unayo matatizo mawili, na la pili limezaliwa siku ulipohamia mlango 636.

Programu inapoifikia saraka, mambo hutokea kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza hufunguliwa muunganisho wa mtandao hadi kwenye seva. Kama umetumia `ldaps://`, mara baada ya hapo pande mbili hukubaliana kuhusu usimbaji, na programu hukikagua cheti cha seva. Hatua hiyo ikishakamilika ndipo programu hutuma ombi la kujitambulisha, ambalo ndilo logi huliita `bind`, likiwa na jina na nywila. Kwa hiyo, ukiona `Can't contact LDAP server`, jina lako halijasomwa na mtu yeyote na nywila haijatoka kwenye seva yako. Kubadilisha chochote kati ya hivyo viwili ni kupoteza muda. Na ukiona `Invalid credentials`, ujue kwamba mtandao ulifunguka, usimbaji ulipita au haukuhitajika, seva ikalisoma ombi lako, ikalipima na kulikataa. Ujumbe wenyewe umekwisha kukwambia ni mlango gani umefungwa kabla hujagusa mpangilio wowote.

Kuna mgawanyo mwingine unaopaswa kuufanya kabla ya kufungua kituo cha amri. Programu za aina yako kwa kawaida hujitambulisha mara mbili. Mara ya kwanza hutumia akaunti ya huduma, ili zipate ruhusa ya kumtafuta mtumishi katika saraka kwa jina lake la kuingilia. Zikishampata na kujua jina lake kamili la saraka, yaani DN yake, hujitambulisha mara ya pili kwa DN hiyo na nywila aliyoiandika mtumishi. Kosa katika mara ya kwanza huwazuia watu wote kwa pamoja, ilhali kosa katika mara ya pili humzuia mtu mmoja au kundi moja. Umesema hakuna anayeingia, kwa hiyo nitaendelea nikichukulia kwamba ni mara ya kwanza. Hata hivyo, thibitisha kwa kuandika kwenye logi jina lililotumika, kwani programu nyingi huandika "nywila si sahihi" hata pale ambapo utafutaji umerudi mtupu na ombi la pili halikutumwa kabisa.

Sasa iondoe programu katikati. Jaribio la maana ni lile linalofanywa kutoka kwenye seva ileile ya Linux, kwa mtumiaji yuleyule anayeiendesha programu, bila msimbo wako kuhusika. Katika mifano hii nimekiita kikoa `kampuni.example` na akaunti ya huduma `svc-likizo`. Weka majina yako.

```
sudo -u www-data ldapwhoami -x \
  -H ldaps://dc01.kampuni.example \
  -D 'svc-likizo@kampuni.example' -W
```

Alama ya `-W` hukufanya uulizwe nywila badala ya kuiacha katika historia ya amri. Mambo yakienda sawa, Active Directory hujibu kwa mstari mmoja wenye jina inalokutambua nalo, kama vile `u:KAMPUNI\svc-likizo`. Usiridhike na kutokuwepo kwa kosa peke yake. Usome mstari huo, kwa sababu kuna hali, nitakayoifikia, ambapo saraka hukubali ombi bila kukutambua kuwa wewe ni nani.

Tuanze na usimbaji, kwa kuwa ndio unaokuzuia sasa. Jaribio hilo likirudisha `Can't contact LDAP server (-1)`, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea: ama muunganisho haukufunguka kabisa, ama ulifunguka na cheti kikakataliwa. Ujumbe haukutofautishii, na hilo limewapotosha wengi, wakaenda kugombana na watu wa fayawoli huku fayawoli haina kosa. Amri ifuatayo hutenganisha.

```
openssl s_client -connect dc01.kampuni.example:636 \
  -verify_hostname dc01.kampuni.example </dev/null
```

Ikikwama au ikisema muunganisho umekataliwa, hapo ni suala la mtandao, au seva ya saraka haina cheti kinachofaa. Kidhibiti kikoa cha Active Directory huanza kutoa huduma iliyosimbwa kwenye mlango 636 pale tu kinapokuwa na cheti sahihi chenye ufunguo wake. Kama cheti hakipo, mlango huweza kupokea muunganisho na kisha kuukata bila kuonyesha cheti chochote. Ikiwa amri itaonyesha cheti, shuka hadi kwenye mstari wa `Verify return code`. Namba 20 au 21 maana yake ni kwamba seva yako ya Linux haimjui aliyetoa cheti. Hilo ndilo ninalolitarajia kwako, kwa sababu vyeti vya Active Directory mara nyingi hutolewa na mamlaka ya ndani ya taasisi, ambayo Linux haina habari nayo. Namba 10 ni cheti kilichokwisha muda wake. Namba 62 ni jina lililo kwenye cheti kutolingana na jina uliloliita.

Tiba ya namba 20 au 21 ni kumwomba msimamizi wa kikoa cheti cha mamlaka hiyo ya ndani, kukiweka kwenye seva ya Linux, na kukitaja katika faili la `ldap.conf`, ambalo kwenye Debian na Ubuntu liko `/etc/ldap/ldap.conf`, na kwenye Red Hat na jamaa zake liko `/etc/openldap/ldap.conf`.

```
TLS_CACERT /etc/ssl/certs/mamlaka-ya-ndani.pem
```

Baada ya hapo uanzishe upya huduma ya `php-fpm`, kwa maana maktaba ya LDAP husoma faili hilo mchakato unapoanza na haitalisoma tena. Nimewaona watu wakifanya kila kitu sawasawa, wakajaribu kwa amri ikakubali, kisha wakashangaa programu bado inakataa, kumbe michakato ya PHP ilikuwa ileile ya tangu asubuhi. Hakikisha pia kwamba `www-data` anaweza kulisoma faili la cheti. Ndiyo sababu ya kutumia `sudo -u` katika jaribio badala ya kujaribu ukiwa msimamizi mkuu.

Kutolingana kwa jina huja kwa njia mbili. Moja ni kuandika anwani ya namba badala ya jina la seva katika mpangilio wa programu. Kwenye mlango 389 usiosimbwa hilo halikuwa na madhara, ila kwenye 636 cheti hulinganishwa na kile ulichokiandika, na vyeti vingi havibebi anwani za namba. Njia ya pili ina hila zaidi. Baadhi ya watu huandika jina la kikoa lenyewe, `kampuni.example`, ili DNS iwapeleke kwenye kidhibiti chochote kilicho hai. Hilo hufanya kazi iwapo tu vyeti vya vidhibiti vyote vina jina la kikoa ndani yake. Kidhibiti kimoja kikiwa nalo na kingine hakina, programu yako itakubali na kukataa bila mpangilio unaoonekana, na utaanza kuushuku mtandao. Ukikutana na kosa la kuja na kuondoka, jaribu kila kidhibiti kwa jina lake.

Utashawishika kuandika `TLS_REQCERT never` ili mambo yaende. Kwa dakika moja, katika jaribio, inakubalika, kwani ukiona kosa limeondoka umethibitisha kwamba ni cheti. Usiiache humo. Programu isiyokagua cheti itampa nywila ya akaunti ya huduma, pamoja na nywila za watumishi wote, mtu yeyote atakayejifanya kuwa ndiye saraka.

Kosa lingine la usimbaji huja likiwa na sura tofauti, na huenda ndilo litakalokutokea ukirudi kwenye 389. Seva hujibu kwa namba 8, `Strong(er) authentication required`, ikiongeza maelezo kwamba inataka ukaguzi wa uadilifu kama TLS haijawashwa. Maana yake ni kwamba msimamizi wa kikoa ameweka sera ya kutopokea nywila kwenye njia isiyosimbwa. Hapa jina na nywila havijahukumiwa, ila ujue kwamba vimekwisha kusafiri wazi kwenye mtandao kabla ya seva kukataa, kwa sababu programu ilivituma ndani ya ombi lenyewe. Suluhisho ni ama kutumia `ldaps://` kwenye 636, ama kubaki kwenye 389 na kuita `ldap_start_tls()` kabla ya `ldap_bind()`. Usichanganye njia hizo mbili: kuandika `ldaps://` na kukielekeza kwenye 389, au `ldap://` kwenye 636, huleta tena ujumbe uleule wa kutoifikia seva, kwani upande mmoja unazungumza lugha ambayo upande wa pili hauitarajii.

Usimbaji ukishapita, huenda utarudi kwenye `Invalid credentials`, yaani namba 49, na hapo ndipo kazi ya kutenganisha jina na akaunti huanza. PHP imekuficha sehemu muhimu zaidi ya jibu. Seva haikurudisha namba 49 peke yake. Ilirudisha pia mstari wa maelezo, ambao `ldapwhoami` hukuonyesha, na ambao katika PHP unaupata hivi:

```
ldap_get_option($ldap, LDAP_OPT_DIAGNOSTIC_MESSAGE, $maelezo);
error_log($maelezo);
```

Utaona kitu kinachofanana na hiki, namba za katikati zikitofautiana kwa toleo la Windows:

```
80090308: LdapErr: DSID-0C09044E, comment:
AcceptSecurityContext error, data 52e, v2580
```

Kinachohitajika ni kile kinachofuata neno `data`. Namba `532` ni nywila iliyokwisha muda, `533` ni akaunti iliyozimwa, `701` ni akaunti iliyofikia mwisho wa muda wake, `773` ni akaunti inayotakiwa kubadilisha nywila kwanza, na `775` ni akaunti iliyofungwa kwa sababu ya majaribio mengi yaliyokosewa. Kumbuka kwamba saraka haimwambii mgeni hali ya akaunti ya mtu mwingine. Nywila iliyokwisha muda, akaunti iliyozimwa au sharti la kubadilisha nywila hutajwa kwa yule tu aliyeleta jina sahihi na nywila sahihi. Ukiona `532` au `773`, basi jina lako na nywila yako vimethibitishwa kuwa sawa, na kuvigusa ni kuharibu. Ni `775` tu inayoonekana hata kwa aliyeleta nywila isiyo sahihi.

Kwa hali yako ningeitazama `773` kwa makini. Msimamizi anapoweka nywila mpya kupitia dirisha la Active Directory Users and Computers, kisanduku cha kumtaka mtumiaji abadilishe nywila atakapoingia mara nyingine mara nyingi huja kikiwa kimewekwa alama. Binadamu ataulizwa na atabadilisha. Akaunti ya huduma haina mtu wa kuulizwa, kwa hiyo itakataliwa milele, na kila ukiweka nywila mpya kwa dirisha lilelile unairudisha mahali palepale. Kama hicho ndicho kilichotokea, kuondoa alama hiyo kunatosha.

Linalobaki gumu ni `52e`. Kwa maneno ya seva, maana yake ni kwamba jina na nywila havipatani, na kwa kawaida hutolewa nywila ikiwa si sahihi na pia jina likiwa halipo. Huo si uzembe wa watengenezaji: seva ingemwambia mgeni kwamba jina halipo, mgeni angeweza kuorodhesha majina yote ya taasisi kwa kubahatisha. OpenLDAP nayo hujibu 49 katika hali zote mbili kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo, mwenye haki ya kuisoma saraka anayo njia ya kutofautisha. Active Directory huhesabu majaribio yaliyokosewa ya kila akaunti katika sifa inayoitwa `badPwdCount`. Jina likiwa sahihi na nywila ikakosewa, hesabu hupanda. Jina likiwa si sahihi, seva haina akaunti ya kuiongezea hesabu, na `badPwdCount` ya akaunti yako hubaki ilivyokuwa. Mwombe msimamizi wa kikoa aendeshe amri hii, wewe ujaribu mara moja tu, kisha aiendeshe tena.

```
Get-ADUser svc-likizo -Server dc01.kampuni.example `
  -Properties badPwdCount,LockedOut,PasswordExpired
```

Masharti ya jaribio hili ni mawili. Hesabu hiyo hainakiliwi kati ya vidhibiti, kwa hiyo `-Server` lazima iwe ndiyo seva ileile uliyoijaribu. Pili, Windows kwa kawaida haihesabu kosa ikiwa nywila iliyoletwa ni mojawapo ya mbili zilizotangulia za akaunti hiyo, mradi kikoa kinatunza historia ya nywila. Kwa hiyo, katika jaribio hili peke yake, weka makusudi nywila ambayo haijawahi kutumika, lakini ulitumie jina lilelile lililo kwenye mpangilio wa programu, herufi kwa herufi.

Sharti hilo la pili ndilo linalonifanya nikuzuie kubadilisha nywila mara ya tatu. Kama kuna mfumo mwingine unaotumia `svc-likizo`, na mara nyingi upo, bado unaleta nywila ya zamani kila baada ya dakika chache. Umebadilisha mara mbili, kwa hiyo ile ya zamani bado iko miongoni mwa mbili zilizotangulia na haihesabiwi. Ukibadilisha tena itatoka nje ya kundi hilo, kila jaribio la mfumo huo uliosahauliwa litaanza kuhesabiwa, na ndani ya muda mfupi akaunti itafungwa. Utaanza kuona `775`, na utadhani programu yako ndiyo inayoifunga.

Ofisi moja niliyowahi kuisaidia iliyapitia yote hayo kwa mfululizo. Programu yao ilikataa asubuhi moja ikitoa `52e`. Wakabadilisha nywila mara tatu, na baada ya mara ya tatu akaunti ikawa inafungwa kila walipoifungua. Nilipofika niliomba kwanza tuzuie kufungwa huko. Tukawasha logi ya usalama kwenye kidhibiti na kuyatazama matukio ya 4625, ambayo hutaja anwani ya mtandao iliyoleta ombi. Tukio la 4740, linalotangaza kwamba akaunti imefungwa, halikutusaidia, kwa sababu kwa maombi ya LDAP ya aina hii lilitaja jina la kidhibiti chenyewe. Anwani tuliyoipata ilikuwa ya mashine ya kunakili hati, ambayo miaka mingi nyuma mtu aliiwekea akaunti hiyohiyo ili isome anwani za barua pepe. Tukairekebisha, kufungwa kukakoma, lakini programu iliendelea kutoa `52e`. Tukafanya jaribio la `badPwdCount`: kabla ilikuwa 0, tukajaribu kwa nywila ya uongo, na baada ya hapo ilikuwa 0 vilevile. Hapo ikadhihirika kwamba jina halikuwa sahihi tangu mwanzo na nywila haikuwahi kuwa na kosa. Siku moja kabla ya tatizo, msimamizi wa kikoa alikuwa amepanga upya vitengo na kuihamishia akaunti kwenye kitengo kipya cha akaunti za huduma. Programu ilikuwa ikitumia DN, na DN hubeba mahali akaunti ilipo. Akaunti ikihama, DN ya zamani inakuwa jina la kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo, katika Active Directory, mimi hupendelea akaunti ya huduma ijitambulishe kwa umbo la `svc-likizo@kampuni.example`, linaloitwa UPN, ambalo halijali akaunti iko kitengo gani. Umbo la `KAMPUNI\svc-likizo` nalo hukubaliwa. Ukihamia OpenLDAP siku moja, ujue kwamba yenyewe hutaka DN. Ukiipa UPN itakujibu namba 34, `Invalid DN syntax`, na ujumbe huo ni afadhali kwa kuwa unasema waziwazi kwamba kosa liko kwenye jina.

Ikiwa huna budi kutumia DN, usiiandike kwa kukisia. Iombe kama ilivyo katika saraka, maana amri ya `Get-ADUser` niliyoitaja huitoa pamoja na majibu mengine. Makosa ninayokutana nayo zaidi ni matatu, na yote hutokana na kukisia. Sehemu ya `CN` mwanzoni mwa DN kwa kawaida ni jina kamili la kuonyeshwa na si jina la kuingilia, kwa hiyo akaunti ya `svc-likizo` inaweza kuwa `CN=Huduma ya Likizo`. Kontena la watumiaji linalokuja na kikoa ni `CN=Users` wala si `OU=Users`, ingawa kwenye dirisha vinakaribia kufanana. Na jina lenye koma ndani yake lazima koma hiyo itanguliwe na alama ya `\`, kama `CN=Mushi\, Asha`, la sivyo saraka itaikata DN mahali pasipostahili.

Kama `badPwdCount` imepanda katika jaribio hilo, jina ni sahihi na swali linabaki kwenye nywila inayoifikia seva kweli, ambayo si lazima iwe ndiyo unayoijua. Kwa programu ya PHP kuna mitego miwili ambayo ningeikagua kabla ya kitu kingine. Nywila ikiandikwa katika msimbo ndani ya alama mbili za nukuu na ikiwa na alama ya dola, PHP itaichukulia sehemu inayofuata dola kuwa jina la kigezo. `"Bahari$Kuu77"` itafika kwenye saraka ikiwa `Bahari` peke yake. Itie ndani ya alama moja moja za nukuu. Ukiithibitisha kwa `ldapwhoami -W` na ikakubali huku programu ikikataa kwa jina lilelile na seva ileile, basi umekwisha kuthibitisha kwamba nywila inapotea njiani ndani ya programu.

Mtego wa pili ni wa nywila tupu, na huu una hatari kubwa. Huduma ya `php-fpm` kwa chaguo-msingi huwa na `clear_env` iliyowashwa, maana yake vigezo vya mazingira ulivyoviweka kwenye seva haviifikii PHP, na `getenv('LDAP_NYWILA')` hurudisha kitu kitupu. Ungetarajia saraka ikatae. Haikatai. Kwa kanuni za LDAP, jina lililoletwa bila nywila ni ombi la kuingia bila kutambuliwa, na Active Directory kwa kawaida hulipokea na kujibu kwamba limefaulu. `ldap_bind()` itarudisha `true`, kisha utafutaji unaofuata ndio utakaoshindwa kwa `Operations error`, ukiwa na maelezo kwamba lazima ujitambulishe kwanza. Anayesoma logi huona kujitambulisha kumefaulu na huanza kutafuta kosa kwenye utafutaji. Ndiyo maana nilikuomba usome mstari unaorudishwa na `ldapwhoami`: mtu asiyetambuliwa hapewi jina la `KAMPUNI\svc-likizo`.

Hatari yenyewe iko kwenye mara ya pili ya kujitambulisha. Ikiwa programu yako haimzuii mtumishi kuacha sehemu ya nywila wazi, mtu yeyote anaweza kuandika jina la mkurugenzi, akaiacha nywila tupu, saraka ikajibu kwamba imefaulu, na programu ikamwingiza akiwa mkurugenzi. Angalia leo kwamba msimbo wako unakataa nywila tupu kabla ya kuita `ldap_bind()`, hata kama tatizo lako la Jumatatu halihusiani na hilo.

Kwa mpangilio ulionao sasa, ningeanza na `openssl` kwenye 636, nikitarajia namba 20 au 21, na ningeweka cheti cha mamlaka ya ndani na kuanzisha upya `php-fpm`. Ningerudia `ldapwhoami` kwa UPN na nywila ya sasa. Ikikubali, basi kosa la Jumatatu lilikuwa kwenye jina au nywila iliyoandikwa ndani ya programu, na ningeyaangalia hayo mawili peke yake. Ikirudisha 49, ningesoma kinachofuata `data`: `773` ningemwomba msimamizi aondoe ile alama, `775` ningetafuta kwenye matukio ya 4625 ni mashine gani nyingine inayotumia akaunti hii, na `52e` ningefanya jaribio la `badPwdCount` mara moja, kwa jina lililo kwenye programu. Ukikutana na `data 80090346`, hiyo ndiyo pekee ambayo, ingawa imevaa namba 49, ni suala la usimbaji: sera ya kufunganisha utambulisho na njia ya TLS imekataa. Hiyo haitokei kwa `ldap_bind()` ya kawaida unayoitumia, hutokea kwa mteja anayejitambulisha kwa njia ya SASL, kwa hiyo ukiiona, chunguza kwanza kama unasoma logi ya programu nyingine.